Ngozi Iliyoungua: Daraja la Kwanza au Daraja la Pili?

Wahenga walisema: Dawa ya moto ni moto. Methali hiyo ina nafasi yake katika magomvi ya watu wazima. Lakini mtoto akimwagiwa maji yachemkayo, methali haifai tena: hapo dawa ya moto ni maji, tena maji ya baridi, tena mengi, tena bila kukawia.

Jambo hilo la maji wengi wamekwisha kulisikia. Lile ambalo wengi hawalijui ni swali lifuatalo baada ya maji: moto umefika wapi? Je, umeunguza ngozi ya juu tu, au umepenya mpaka ngozi ya ndani? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha kama mgonjwa atabaki nyumbani au atapelekwa kwa muuguzi, kama kidonda kitaachwa wazi au kitafunikwa, na kama atapona kwa siku chache au kwa majuma kadhaa. Na jibu lenyewe halionekani upesi kama watu wanavyodhani. Leo, wasomaji wapenzi, na tujifunze kulitafuta.

NGOZI INA TABAKA MBILI

Ngozi ya mwanadamu si kitu kimoja. Juu kuna tabaka nyembamba sana, ambayo katika sehemu nyingi za mwili haizidi unene wa karatasi. Tabaka hiyo haina mishipa ya damu. Kazi yake ni kuzuia vijidudu visiingie na maji ya mwili yasitoke. Chini yake kuna ngozi ya ndani, nene zaidi, yenye mishipa ya damu, mishipa ya fahamu inayosikia uchungu, mizizi ya nywele na vifuko vya jasho.

Moto ukiunguza tabaka ya juu peke yake, twasema mtu ameungua daraja la kwanza. Ukipita tabaka ya juu na kuingia katika ngozi ya ndani, bila kuimaliza yote, hilo ni daraja la pili. Ukiimaliza yote, ni daraja la tatu. Desturi hii ya kuhesabu madaraja ni ya zamani: mpasuaji mmoja Mjerumani, Wilhelm Fabry, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1607 juu ya madaraja matatu ya kuungua. Siku hizi waganga wengi hupendelea kutaja kina cha jeraha kuliko namba ya daraja, lakini maana ni ile ile, na katika mafunzo ya msaada wa kwanza namba zingali zinatumika.

ALAMA ZA DARAJA LA KWANZA

Mama amegusa pasi kwa nyuma ya mkono, akauondoa mara moja. Au amefunua sufuria, na mvuke umempiga kidogo kwenye kifundo cha mkono. Mahali pale panauma, pana joto, pamevimba kidogo, na rangi yake imebadilika. Lakini ngozi ni nzima na ni kavu. Hakuna lengelenge, wala maji yanayotoka. Ukibonyeza polepole kwa kidole safi, uchungu huongezeka, na ukiondoa kidole rangi hurudi mara moja. Hilo ni daraja la kwanza.

Jeraha la namna hiyo hupona lenyewe kwa muda wa siku 3 mpaka 6. Mwishoni ngozi huambuka vipande vyembamba, kama ganda la kitunguu, na chini yake hutokea ngozi mpya bila kovu. Kazi ya msaidizi ni fupi: apoze kwa maji, na baadaye apake vazelini kidogo ikiwa ngozi yakauka na kuvuta. Hakuna haja ya bendeji.

ALAMA ZA DARAJA LA PILI

Alama kubwa ya daraja la pili ni lengelenge. Moto ukiharibu mahali tabaka mbili zinaposhikana, zile tabaka huachana, na maji ya damu yenye rangi ya manjano hafifu hujaa katikati. Lengelenge likiwa zima, huonekana kama kifuko kilichojaa maji. Likipasuka, chini yake kuna nyama laini, yenye unyevu na kung'aa. Uchungu wake ni mkali kuliko wa daraja la kwanza, kwa kuwa mishipa ya fahamu imebaki wazi: hata upepo ukipita juu yake mgonjwa hulia.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Katika daraja la pili lenyewe kuna jeraha la juu juu na jeraha la kina. La juu juu lina rangi ya waridi, lina unyevu, lina uchungu mwingi, na kwa kawaida hupona kwa majuma 2 au pungufu ya majuma 3. La kina lina weupe weupe au madoa madoa, halina unyevu mwingi, na uchungu wake ni hafifu, kwa sababu mishipa ya fahamu nayo imeanza kuungua. Hilo hukawia zaidi ya majuma 3 na mara nyingi huacha kovu. Kwa hiyo mzazi asiseme: «Mtoto halii sana, basi si kitu.» Kidonda kipana kisichouma ndicho cha kuogopwa kuliko kile kinachouma. Na mahali pakiwa pakavu, pagumu kama ngozi ya ngoma, peupe au peusi, na mgonjwa hasikii uchungu anapoguswa, hapo tumekwisha kuliacha daraja la pili. Apelekwe hospitalini bila kungoja.

NGOZI NYEUSI INA ALAMA ZAKE

Vitabu vingi vya msaada wa kwanza huandika: «Daraja la kwanza, ngozi huwa nyekundu.» Maneno hayo yaliandikwa na watu waliotazama ngozi nyeupe. Kwetu sisi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Msaidizi anayetafuta wekundu tu atatazama mkono ulioungua na kusema kwamba haukuungua.

Basi, kwenye ngozi nyeusi tafuteni alama nyingine. Mahali palipoungua daraja la kwanza huwa peusi zaidi kuliko pembeni, au hupata rangi ya zambarau hafifu, na hung'aa kwa sababu ya kuvimba. Wekeni mgongo wa mkono wenu karibu na mahali hapo, kisha upande mwingine wa mwili usioungua, mlinganishe joto. Mwulizeni mgonjwa panapouma mwanzo na mwisho. Ikiwa ni kiganja au wayo, huko ngozi ni nyeupe zaidi, na wekundu waweza kuonekana.

Kwa daraja la pili mambo hugeuka, na hapo ngozi nyeusi hutusaidia. Rangi yetu nyeusi imewekwa katika tabaka ya juu, sehemu yake ya chini kabisa. Lengelenge likipasuka na ngozi ya juu kuondoka, rangi nayo huondoka, na nyama ya waridi hubaki wazi. Hakuna alama iliyo dhahiri kuliko hiyo: penye waridi na unyevu, tabaka ya juu haipo tena, na daraja la pili limefikiwa.

Wazazi wengi wakiona waridi ile hushtuka, wakidhani moto umefika mifupani. Sivyo. Waridi yenye unyevu na uchungu ni habari afadhali kuliko weupe mkavu usio na uchungu, maana damu ingali inatembea katika ngozi ya ndani.

MFANO: SUFURIA YA BUGALI

Na tuchukue mfano mmoja ili tuone jinsi mambo haya yanavyofuatana. Tuko Bukavu, mtaa wa Kadutu, asubuhi ya baridi. Mbabula imewekwa chini sakafuni, na juu yake sufuria ya maji ya bugali yanachemka. Mtoto wa kike wa miaka 4 anapita, anajikwaa, anashika ukingo wa sufuria. Maji yanamwagika juu ya mkono wake wa kushoto, toka kiwiko mpaka mgongo wa kiganja, na mengine yanaruka kifuani.

Mama anakimbilia chupa ya mawese. Kijana wa jirani, aliyepata mafunzo ya Msalaba Mwekundu, anaingia mbio.

«Mama, mawese tuyaache kwanza. Tupe maji.»

«Mwanangu, humwoni anavyoungua?»

«Namwona, Mama. Ndiyo maana nasema maji.»

Jambo la kwanza ni kumvua mtoto sweta. Nguo ya sufu iliyolowa maji ya moto hushika joto na kuendelea kuunguza ngozi hata baada ya sufuria kuondolewa. Kama kipande cha nguo kimegandamana na ngozi, kisivutwe: nguo ikatwe pande zote, kipande kiachwe. Pamoja na sweta, kijana anamvua bangili ya shanga mkononi. Baada ya saa moja mkono utakuwa umevimba, na bangili itakuwa kamba ya kuzuia damu.

Jambo la pili ni maji. Dakika ngapi? Dakika 20 kamili, zinazohesabiwa kwa saa. Dakika 2 au 3 zinapoza uso wa ngozi, lakini joto lililokwisha kuingia ndani huendelea kufanya kazi yake ya kuharibu. Kadutu bomba halitoi maji kila saa, lakini nyumbani mna bidoni. Kijana anaweka beseni chini ya mkono wa mtoto, anachota kwa kikombe na kumimina polepole, bila kuacha, juu ya mkono na kifua. Akimimina lita 2 kila dakika, dakika 20 zitamaliza lita 40, yaani bidoni mbili za lita 20. Kama ni bidoni moja tu, maji safi yaliyoanguka katika beseni safi yaweza kuchotwa na kumiminwa tena, maadamu hayajapata joto. Maji yakikosekana kabisa, tambara safi lililoloweshwa liwekwe juu na kubadilishwa kila mara. Na mtu akichelewa kupata maji asikate tamaa: kupoza kwasaidia hata likianza baada ya saa moja au mbili, na mpaka saa 3 tangu kuungua.

Barafu isitumike, wala maji ya barafu. Baridi kali hukaza mishipa ya damu, na ngozi iliyoungua yahitaji damu ili iishi.

Mtoto analia na kujivuta. Mama anamwonea huruma, anataka kumchukua mgongoni baada ya dakika 5. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Dakika 15 zilizobaki ndizo zitakazozuia pengine daraja la kwanza lisiwe la pili, na la pili la juu juu lisiwe la kina. Hata hivyo mtoto mdogo hupoteza joto upesi. Kijana anamwambia mama amfunike blanketi miguuni, mgongoni na kichwani, ili jeraha lipoe na mtoto abaki na joto. Mtoto akianza kutetemeka au kusinzia bila kujibu, maji yasimamishwe, afunikwe, apelekwe mara moja.

KUTAZAMA NA KUPIMA

Dakika 20 zimekwisha. Sasa ndipo wakati wa kutazama, karibu na mwanga wa mlango. Mkononi malengelenge matatu yameinuka, na moja limepasuka: chini yake pana waridi, panang'aa kwa unyevu, na mtoto analia hata hewa ikigusa. Hilo ni daraja la pili. Kifuani ngozi ni nzima na kavu. Imekuwa nyeusi zaidi, ina joto, na mtoto anasema panauma akiguswa. Kwa sasa hilo ni daraja la kwanza.

Tazameni vizuri: sufuria ni moja, maji ni yale yale, na mtoto ni yule yule, lakini madaraja ni mawili. Sababu ni muda na wingi wa maji. Maji yaliyoruka kifuani yalikuwa matone, yakapoa upesi. Yaliyomwagika mkononi yalikuwa mengi, yakashikwa na mkono wa sweta. Maji yenye joto la digrii 60 yahitaji sekunde chache tu kuunguza ngozi ya mtu mzima mpaka ndani, na ngozi ya mtoto, iliyo nyembamba zaidi, yahitaji muda mfupi kuliko huo. Maji yachemkayo hayahitaji hata sekunde moja. Ndiyo sababu msaidizi mwema huuliza sikuzote: Ni nini kilichomchoma, na kilikaa juu ya ngozi kwa muda gani? Uji hugandamana na ngozi na kuendelea kuunguza. Mafuta ya kukaangia huwa na joto kupita maji yachemkayo. Kwa vitu hivyo tegemeeni daraja la pili hata kabla ya kuona lengelenge. Umeme na dawa kali, kama maji ya betri, huwa na njia zao za kudhuru ndani, na aliyeunguzwa nao hapimwi kwa macho nyumbani: aende hospitalini.

Baada ya kutambua daraja, hupimwa upana. Mizani tunayo sote: kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vilivyobanwa, ni karibu sehemu 1 katika sehemu 100 za ngozi ya mwili wake. Kiganja cha mtoto hupima mtoto, kiganja cha mkubwa hupima mkubwa. Kijana anaona kwamba daraja la pili mkononi ni sawa na viganja 2 vya mtoto, yaani sehemu 2 katika 100. Kifuani ni kama viganja 3. Lakini viganja hivyo 3 havihesabiwi, kwa kuwa waganga wakipima upana wa jeraha ili kujua hatari huliacha daraja la kwanza nje ya hesabu. Mtoto mwenye daraja la pili linalozidi viganja 10 yuko katika hatari kubwa, maana maji ya mwili hutoka kwa wingi kupitia kidonda, na yampasa kutiwa maji kwa mshipa hospitalini.

Huyu wetu ana viganja 2 tu. Je, abaki nyumbani? Hapana. Kijana anamhesabia mama sababu tatu. Ya kwanza, umri: mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye malengelenge atazamwe na muuguzi. Ya pili, mahali: mkono umeungua, na mkono, kama vile uso, miguu, sehemu za siri na viungo vinavyokunjika, ukipona vibaya hukaza na kupoteza kazi. Ya tatu, upana: daraja la pili limezidi kiganja cha mgonjwa. Sababu moja kati ya hizo ingetosha. Sababu nyingine, ambazo hapa hazipo, ni kuungua kunakozunguka mkono au mguu kama bangili, na moshi uliovutwa ndani ya nyumba iliyowaka.

Kama mtoto angekuwa ameungua kifuani tu, daraja la kwanza, angebaki nyumbani na mama yake.

KUFUNIKA BILA KUPAKA

Mama bado anashika chupa ya mawese. Jirani mwingine ameleta dawa ya meno, na bibi ameshauri majivu. Wote wanataka mema, lakini vitu hivyo vitatu vina makosa yale yale. Havipozi kama maji yanavyopoza. Vinaficha rangi na unyevu, ambazo ndizo alama za kutambulia daraja. Tena muuguzi atalazimika kuvisugua ili aone kidonda, na kusugua daraja la pili ni kumtesa mtoto mara ya pili. Majivu, zaidi ya hayo, yaweza kuingiza vijidudu penye ngozi iliyofunguka.

Malengelenge yasitobolewe. Ngozi ile iliyoinuka ni bendeji safi kuliko zote, na mradi ni nzima hakuna kijidudu kinachopita. Lililopasuka lenyewe lisivuliwe ngozi yake. Jeraha hufunikwa kwa kitu kisichoshika nyama: shashi yenye vazelini kama ipo, au karatasi safi ya nailoni ya kufunikia chakula, ikilazwa juu ya jeraha bila kuzungushwa kama kamba. Vikikosekana, kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi chafaa. Pamba yenyewe isitumike, kwa kuwa nyuzi zake hugandamana na kidonda. Vidole vya mtoto vilivyoungua vitenganishwe kwa vipande vya kitambaa ili visishikane, na mkono uinuliwe juu ya mto ili usivimbe sana.

Kwa uchungu, mtoto apewe parasetamoli kwa kufuata uzito wake, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo moja. Mtoto huyu wa kilo 16 atapata miligramu 160 mpaka 240 kwa mara moja, na asirudiwe kabla ya saa 6 kupita. Aspirini haifai kwa watoto. Anywe maji, maana amepoteza. Na mama achukue karatasi ya chanjo, kwa sababu muuguzi atataka kujua kama mtoto amekingwa na pepopunda.

ASUBUHI YA PILI

Katika kituo cha afya muuguzi anasafisha mkono, anaufunga, anamwambia mama arudi baada ya siku moja. Mtoto analala. Asubuhi mama anamwogesha upande usioungua, anatazama kifua, anashtuka: malengelenge mawili madogo yametokea mahali ambapo jana palikuwa pakavu.

Je, kijana alidanganya? Hapana, wala macho yake hayakukosea. Lengelenge laweza kuchelewa saa nyingi, hata siku nzima, kabla ya kuinuka. Daraja linalotajwa saa ya kwanza ni la muda. Kwa hiyo kanuni ni hii: jeraha litazamwe mara tatu, yaani baada ya maji, kesho yake, na siku ya tatu. Likiwa kavu na zima siku ya pili, na siku ya tatu vilevile, ndipo mnaweza kusema kwa hakika kwamba lilikuwa daraja la kwanza. Likitokeza lengelenge, libadilishieni jina na malezi bila kuona haya: lifunikwe, na muuguzi alione.

Hata kwa waganga ni vigumu kutenga siku ya kwanza daraja la pili la juu juu na lile la kina. Mara nyingi wao pia hungoja siku kadhaa. Siku ya tatu muuguzi wetu anafungua bendeji, anabonyeza polepole penye waridi: panakuwa peupe, na akiachilia, waridi inarudi upesi. Damu inatembea. Sasa anaweza kumwambia mama kwamba jeraha ni la juu juu, na kwamba majuma 2 yaweza kutosha. Kama weupe ungebaki bila kurudi waridi, angempeleka kwa mpasuaji.

MPAKA KUPONA

Katika siku zinazofuata mama ana kazi ya kunusa na kutazama. Uchungu ukizidi baada ya kupungua, kukitoka usaha au harufu mbaya, pembeni pakivimba na kupata joto, au homa ikimpata mtoto, vijidudu vimeingia. Arudi kituoni siku hiyo hiyo. Bendeji ikigandamana, isivutwe kavu: ilowekwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka iachie yenyewe. Na mtoto achezeshe vidole kila siku, hata akilalamika kidogo, ili mkono usikaze.

Siku ya 5 kifua kinaambuka maganda na ngozi mpya yaonekana, isipokuwa penye yale malengelenge mawili, ambapo patachelewa kidogo. Baada ya majuma 2 mkono umefunga, lakini mama ana huzuni: binti yake ana doa la waridi toka kiwiko mpaka vidole. «Atabaki hivi?» anauliza.

Atazame karibu. Katika ile waridi ataona vidoa vidogo vyeusi vinavyoanza kutokea, kila kimoja penye mzizi wa unywele. Ni kutoka mizizi hiyo, iliyofichwa katika ngozi ya ndani na kunusurika na moto, kwamba ngozi mpya iliota, na ni kutoka huko pia rangi inarudi. Vidoa vitapanuka na kukutana. Jambo hilo huchukua majuma mengi, pengine miezi, na kwa muda mahali pale paweza kuwa peusi kuliko kwingine kabla ya kulingana. Wakati huo ngozi mpya ikingwe na jua kwa nguo ya mikono mirefu, na ipakwe vazelini ikiwa yawasha.

Basi mama akihesabu atakuta kwamba mambo yaliyouokoa mkono wa mwanawe ni machache: bidoni mbili za maji, kitambaa safi, kiganja cha kupimia, na macho yaliyorudi kutazama kesho yake. Mbabula nayo imeinuliwa juu ya mawe ukutani, na ukingo wa sufuria sasa uko mbali na mkono wa mtoto.